Kwa mpwa wangu: isome kwa sauti kabla hujaituma

Mpwa wangu,

Hujambo? Hadithi yako imenifikia, na kabla haijaenda kwa mhariri naomba uisome kwa sauti, yote, toka neno la kwanza hadi la mwisho. Najua umeipitia kwa macho mara nyingi. Shida ni kwamba unaijua mno. Jicho la mtu anayeijua sentensi hurukaruka: hushika neno hapa na pale, na akili ikajaza yaliyobaki. Ndiyo maana "wa" iliyopigwa chapa mara mbili inaweza kukaa ukurasani wiki nzima bila wewe kuiona. Mdomo haupati nafasi ya kuruka. Utatamka kila silabi, kwa mpangilio ulioandikwa, kwa pumzi uliyo nayo.

Iache kwanza ilale usiku mmoja. Kisha ipeleke saiba uichapishe kwa herufi za ukubwa wa 14, na nafasi mbili kati ya mistari. Herufi na mpangilio vikibadilika, jicho halijui tena kila sentensi inaanzia wapi, na mistari ikiachana utapata mahali pa kuandika alama. Kama kuchapisha hakuwezekani, badilisha basi aina ya herufi kwenye simu, ukuze maandishi, na uwe na daftari pembeni.

Kuhusu majirani, najua kuta za hizo nyumba zetu za chumba kimoja kimoja zilivyo nyembamba. Soma kwa sauti ya chini, lakini usinong'one. Kunong'ona hutumia hewa nyingi kuliko kusema, kwa hiyo pumzi itakukatikia hata pale ambapo sentensi haina kosa. Isitoshe, mnong'ono hauna kupanda na kushuka kwa sauti, na kushuka huko ndiko utakakokutegemea kugundua sehemu zilizokufa. Alfajiri, kabla makanga hawajaanza kuita abiria, ni wakati mzuri. Kaa wima, weka simu mezani ikirekodi, shika penseli.

Katika usomaji wa kwanza usirekebishe chochote. Ukisimama kurekebisha, unakuwa mwandishi tena, na mwendo unapotea. Sentensi inayofuata utaisoma kama mtu aliyepumzika, ilhali msomaji ataifikia akiwa amechoka na ile iliyotangulia. Tia alama tu, usonge mbele. Alama tatu zinatosha: mkwaju pale ulipolazimika kuvuta pumzi, msalaba pale ulimi ulipokwama, na mstari wa mawimbi chini ya maneno uliyoyapitia haraka bila kuyasikia. Ukifikisha kama dakika 20, pumzika. Baada ya hapo ulimi huchoka, ukaanza kukwama hata penye sentensi nzuri.

Sasa tuchukue aya moja tuone alama hizo zinasema nini. Hii nimeitunga kwa kufuata mtindo wako:

"Wanjiru aliteremka kwenye matatu iliyokuwa imesimama karibu na lango la soko la Muthurwa huku akiwa amebeba mfuko wa nguo za watoto wa dada yake aliyekuwa amelazwa hospitalini tangu wiki iliyokuwa imepita na moyo wake ukiwa umejaa wasiwasi."

Kwa macho haina kosa la sarufi. Isome sasa kwa sauti. Ina silabi zaidi ya 100 na haina mkato hata mmoja. Mtu anayesoma kwa utulivu hutamka silabi nne hadi sita kwa sekunde, kwa hiyo hapa unaombwa usome kama sekunde 20 bila kuonyeshwa pa kupumulia. Hewa haiwezi kukuishia kabisa, maana utaiba pumzi mahali fulani. Angalia tu umeiibia wapi. Wengi wataiiba karibu na "nguo za watoto wa dada yake", pengine kati ya "za" na "watoto", mahali ambapo maana haikatiki. Mkwaju ukiangukia katikati ya maneno yanayoshikana namna hiyo, sentensi imezidi urefu, au imekosa kituo mapema zaidi.

Msalaba je? Mimi ningeutia pawili. Kwanza ni hapo hapo kwenye mnyororo: mfuko wa, nguo za, watoto wa, dada yake. Kila "wa" au "za" inamlazimu msomaji kubeba nomino iliyotangulia hadi ya mwisho ifike. Mbili zinabebeka. Zikifika tatu au nne, sauti haijui tena itilie mkazo nomino ipi. Pili ni kwenye "moyo wake". Wa nani? Wa Wanjiru au wa dada aliyelazwa? Wewe mwenyewe unajua, kwa hiyo jicho lako limepita salama. Lakini ukisoma kwa sauti, jicho hutangulia ulimi kwa neno moja au mawili, na sauti hujiandaa kulingana na kinachokuja. Jicho likikuta njia panda, sauti husita. Kusita huko ni kufupi sana, nusu sekunde labda, ndiyo maana nataka urekodi.

Kiswahili kina mtego wa namna hii unaopatikana kila mahali, nao ni kirejeshi baada ya nomino mbili za watu. Jaribu: "Mama wa mtoto aliyekuwa akilia alitoka nje." Nani alikuwa akilia? Ukituama baada ya "mama", analia mtoto. Ukituama baada ya "mtoto", analia mama. Karatasi haikuambii utuame wapi, na upatanisho wa kisarufi haukusaidii, kwa sababu wote wawili ni ngeli moja. Ingekuwa "mama wa watoto waliokuwa wakilia", shaka ingeisha yenyewe. Dawa yake si mkato. Vunja sentensi: "Mtoto alikuwa akilia. Mama yake akatoka nje."

Turudi Muthurwa, kwenye mstari wa mawimbi. Sikiliza rekodi yako ukifika "na moyo wake ukiwa umejaa wasiwasi". Karibu hakika sauti imeshuka na kasi imeongezeka, kama mtu anayemalizia fomu. Maneno hayo tumeyasikia mara nyingi mno, hivyo hayaonyeshi kitu, na mdomo wako umelijua hilo kabla yako. Sehemu iliyokufa haikwamishi ulimi kamwe. Kinyume chake, inateleza. Usiitafute kwa kusubiri kujikwaa. Itafute kwenye rekodi: pale ulipokimbia, pale sauti ilipokuwa bapa, au pale wewe mwenyewe unaposikiliza ukajikuta unawazia mambo mengine. Ukilazimika kurudisha rekodi nyuma kwa kuwa hukusikia kilichosemwa, weka mawimbi.

Jambo jingine sikio litalisikia pale ambapo jicho haliwezi: "iliyokuwa imesimama", "aliyekuwa amelazwa", "iliyokuwa imepita". Mapigo yale yale mara tatu ndani ya sentensi moja. Tena huenda rekodi ikakuonyesha kwamba ulisoma "wiki iliyopita" ingawa umeandika "iliyokuwa imepita". Sehemu kama hizo ni za thamani kubwa. Sikiliza rekodi huku umeshika karatasi, na kila mdomo uliposema tofauti na kilichoandikwa, andika ulichosema juu ya mstari. Mara nyingi mdomo umekuhariria, na umehariri vizuri.

Baada ya yote hayo, aya ingeweza kuwa hivi:

"Wanjiru aliteremka langoni mwa soko la Muthurwa. Mfuko wa nguo za watoto ulimlemea begani. Hazikuwa za wanawe. Zilikuwa za wana wa dada yake, aliyelazwa hospitalini tangu wiki iliyopita. Alihesabu nauli iliyobaki, akaihesabu tena."

Sentensi ya nne bado ni ndefu, zaidi ya silabi 30, lakini ina mkato katikati na kila kipande kinatamkika kwa pumzi moja. Kwa hiyo usidhani ninakutaka ukatekate kila kitu. Sentensi fupi tano mfululizo huchosha sikio vilevile, kwa kuwa sauti inashuka na kufunga kila baada ya maneno manne. Wasiwasi nao nimeuondoa kwa jina, nikaacha vidole vyake vikihesabu. Ni chaguo langu. Wewe unaweza kupata tendo bora zaidi.

Ukishabadilisha aya, isome tena kwa sauti pamoja na aya iliyo kabla yake na inayofuata. Marekebisho huleta makosa mapya: neno uliloliweka sasa huenda lipo pia mistari miwili juu. Na pale ulipotia msalaba ukawa huna hakika, rudi siku inayofuata. Ukikwama tena palepale, kosa ni la sentensi. Usipokwama, ulikuwa ulimi tu.

Mazungumzo yasome peke yake, ukiruka masimulizi yote. Makanga wako anasema, "Abiria, naomba mnilipe nauli zenu tafadhali." Liseme kwa sauti ukiwa umeegemea mlango kama yeye. Halikai mdomoni. "Haya, nauli, nauli huko nyuma" linakaa. Huhitaji kumjazia Sheng' kila neno. Vitu viwili vitatu vya kweli vinatosha, mradi kila mhusika apumue kwa urefu wake mwenyewe.

Kuna makosa ambayo sauti haitakupatia. Wengi wetu hapa Nairobi tunatamka "dhamani" na "thamani" karibu sawa, na wengine hatutofautishi "hadhari" na "athari" tunaposema haraka, kwa hiyo sikio litapitisha tahajia mbovu bila kushtuka. Kwa hizo tumia kamusi na macho, siku nyingine. Vivyo hivyo kama hadithi inaanzia mahali pasipofaa, unaweza kuisoma kwa sauti nzuri mwanzo hadi mwisho usigundue.

Na kuna udhaifu mmoja ulio wako kama mwandishi: unajua utuame wapi, kwa hiyo sauti yako inaiokoa sentensi mbovu. Ukimaliza marekebisho yako, mpe mtu mwingine kurasa mbili ambazo hajawahi kuziona, azisome kwa sauti papo hapo bila kuzipitia kwanza. Dada yako atafaa, hasa kwa kuwa hapendi kuigiza. Usimweleze hadithi inahusu nini. Usimsahihishe akikosea. Wewe kaa na nakala yako na penseli, utie alama zile zile tatu pale anaposita yeye, kisha nitumie picha ya kurasa hizo. Nitazisoma Jumapili jioni, tuongee kwa simu.

Mjomba wako