Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kuhamisha Masalio Yetu Kutoka Leja hadi Mfumo Mpya

Ndugu wanachama, assalamu alaykum.

Kazi kubwa ya chama chetu mwaka huu ilikuwa kuyatoa masalio yenu kwenye leja za karatasi na faili za eksel zilizotapakaa, tuyaingize katika mfumo mpya bila shilingi ya mtu kupotea. Mengine yamo katika taarifa ya katibu.

Kamati iliamua tusihamishe kila muamala wa miaka yote. Tulifunga vitabu tarehe 31 Desemba, tukatoa salio la kila mwanachama siku hiyo, akiba kando na mkopo kando, likawa ndilo salio lake la kuanzia. Ya nyuma yamebaki katika leja, nazo tumezifungia kabatini.

Kisha tukalinganisha: jumla ya akiba za wanachama wote mfumoni lazima iwe sawa na akaunti ya akiba katika leja kuu. Mara ya kwanza mfumo ulipungua shilingi 2,700. Mweka hazina akaigawanya kwa 9, isibaki kitu. Hiyo ni dalili kwamba huenda tarakimu mbili zimepishana wakati wa kuchapa. Na kwa kuwa 2,700 ni 900 mara tatu, akatafuta salio ambalo tarakimu za maelfu na mamia zinatofautiana kwa tatu. Akaipata: 8,500 ilichapwa 5,800.

Lakini jumla kuwa sawa hakutoshi, na hili ndilo lililonikosesha usingizi. Tunao wanachama wawili, mmoja wa Shela na mwingine wa Kizingitini, wenye majina matatu yaleyale. Namba zao za uanachama huanza na sifuri, na eksel ilizichukua kama hesabu ikaifuta sifuri hiyo, hivyo hazikuoana tena na za leja. Aliyekuwa akioanisha akafuata jina, na shilingi 12,000 za mmoja zikaangukia kwa mwenziwe. Jumla haikubadilika hata senti. Aliyegundua ni mwenyewe mama wa Kizingitini, alipoweka karatasi ya salio tuliyompa kando ya kitabu chake cha akiba. Baada ya hapo safu ya namba tuliiweka kuwa maandishi, tukaoanisha upya wote kwa namba ya uanachama na ya kitambulisho, si kwa jina.

Wako ambao hawajathibitisha masalio yao. Akaunti zao zimewekewa alama: kuweka wataweka, kutoa ni mpaka kitabu kionekane. Malipo ambayo mwenyewe hajajulikana yako katika akaunti ya muda, na hayaguswi mpaka apatikane.

Walio Faza, Pate na Kizingitini wanaweza kumpa mjumbe wa eneo lao kitabu. Mjumbe ataandika stakabadhi yenye salio la ukurasa wa mwisho, na ninyi mtie saini kabla kitabu hakijapanda boti.