Kwa nini jibu la safari ya Kiwayu tunalitoa saa nne usiku

Kila jioni hapa Lamu kuna mgeni anayeuliza kuhusu safari ya mashua hadi kisiwa cha Kiwayu, "Kesho twaenda au hatuendi?" Nasi tunamjibu angoje saa nne. Wengine hudhani tunawazungusha ili wasihamie mashua nyingine. Sababu ni ratiba ya utabiri wa hali ya hewa wenyewe.

Julai iliyopita watu sita wa familia moja walikuwa wamelipia safari ya Kiwayu, kuondoka Shela saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi na moja jioni baba yao alinionyesha simu: kusi wa fundo 14 kwa saa ya kuondoka, safi kabisa. Saa nne usiku nahodha wetu alisoma fundo 22 kwa saa ileile, tukaahirisha. Mzee alikasirika. Simu yake iliandika `Updated 1 hour ago`, basi sisi hizo 22 tumezitoa wapi?

Simu yake haikudanganya, ila haikusema yote. Maandishi yale yanaeleza ni lini programu ilichukua data, hayaelezi hesabu yenyewe ilianzia wapi. Modeli ya utabiri ya Marekani, GFS, huhesabiwa kwa kompyuta mara nne kwa siku: 00, 06, 12 na 18 kwa saa za dunia, zile zinazoandikwa UTC au kwa herufi Z. Modeli ya Ulaya, ECMWF, ina duru zake kubwa mbili, 00 na 12.

Hapa sisi wa pwani tuna bahati. Chukua saa ya UTC, toa tatu, unapata saa yetu ya Kiswahili. 06Z ni saa tatu asubuhi. 12Z ni saa tisa alasiri. 18Z inakuwa kumi na tano, yaani saa tatu usiku. Kwa 00Z hesabu kama ishirini na nne, toa tatu, ishirini na moja, nayo ni saa tisa usiku. Mgeni anayesoma saa kwa Kizungu hana budi kuongeza tatu.

Lakini 12Z haimaanishi kwamba saa tisa alasiri utabiri uko tayari. Huo ndio wakati wa hali ya hewa ambayo hesabu inaanzia. Kwanza vipimo vya setilaiti, meli, ndege na maputo vingojewe vifike, kisha kompyuta zifanye kazi yake. GFS huanza kutoka baada ya kama saa tatu na nusu, siku za karibu kwanza, na huchukua kama saa moja na nusu zaidi kumaliza siku zake 16. Kwa hiyo duru ya 12Z hutufikia kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni. Ya Ulaya huchukua kama saa sita hadi saba, hivyo 12Z yake huingia kati ya saa tatu na saa nne usiku. Programu nyingine huchelewa zaidi.

Sasa rudi kwa yule mzee. Saa kumi na moja jioni, GFS mpya kuliko zote ilikuwa ya 06Z, hesabu iliyoanzia saa tatu asubuhi. Kama alikuwa akitazama ya Ulaya katika duru zake kubwa, ilianzia saa tisa za usiku uliopita, saa kumi na nne nyuma. Sisi tulisoma 12Z za modeli zote mbili, na zote mbili zilikuwa zimepandisha upepo. Ingekuwa moja tu, tungebishana kidogo.

Anayetumia faili ghafi ataona haya kwenye jina:

```
gfs.t12z.pgrb2.0p25.f015
```

`t12z` ni duru, na `f015` ni saa kumi na tano mbele. 12 na 15 ni 27, yaani 03Z ya kesho. Toa tatu, inabaki sifuri: saa kumi na mbili asubuhi, saa yetu ya kung'oa nanga.

Kuna wanaosema tuamke alfajiri tuangalie upya. Saa kumi na moja alfajiri utapata GFS ya 18Z, nasi huitazama kweli. Ile ya 00Z itaanza kutoka saa kumi na mbili na nusu, na ya Ulaya saa tatu asubuhi. Kufikia hapo maji ya Mkanda, mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, huenda yameshakupwa, na Mkanda hupitika maji yakijaa. (Maji hayana usumbufu huu, jedwali lake la mwaka mzima huchapishwa mapema.)

Hata 12Z hukosea, hasa mvua za ghafla na upepo unaobanwa kati ya visiwa, maana kwa modeli ya dunia nzima Lamu na Manda ni kama doa tu. Hapo neno la mwisho ni la nahodha. Na Idara ya Hali ya Hewa ikitoa onyo la bahari, hatuondoki, simu iseme itakavyosema.

Basi ujumbe wetu hutoka saa nne na robo usiku. Tukiahirisha, unachagua siku nyingine au unarudishiwa pesa zako. Ukitaka kutuhakiki, fungua maelezo ya modeli kwenye programu yako utafute `12Z` au `12 UTC` ya tarehe ya siku hiyo. Ukikuta bado `06Z` au `00Z`, ngoja kidogo kabla ya kutupigia.