Nilimtania mtunza stoo mbele ya bosi, sasa sijui barua hii niifikisheje

Dada Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mhasibu katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Tanga mjini. Mtunza stoo wetu ni mama mtu mzima, mjane, Mnyamwezi wa Tabora. Mimi ni Mzigua wa Handeni. Kwa miaka minne tumeitana mtani. Mimi humwambia kwamba wazee wake walikuja pwani kubeba mizigo wakasahau njia ya kurudi, naye hunijibu papo hapo, tena hunizidi. Kisha ananimiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake, kila mtu anarudi kazini.

Wiki tatu zilizopita, kwenye kikao cha Jumatatu, nilisoma hesabu ya saruji. Kitabu kilionyesha mifuko 212, stoo ilikuwa na 206. Bosi akauliza sita imekwenda wapi. Kabla mama hajafungua mdomo, nikadakia: "Si ndiyo imenyanyua ule ukuta wa mtani kule Pongwe?"

Watu waliangua kicheko, bosi naye akacheka. Mama alifunika kalamu yake, akafunga leja, akaiwekea mikono juu mpaka kikao kikaisha.

Usiku ule nilimtumia ujumbe wa simu: "Mama samahani kama nimekukwaza, ulikuwa utani tu, unanijua." Nikaweka na kikatuni cha kucheka. Aliusoma, hakujibu. Nimeurudia ujumbe huo mara nyingi na sasa naona ubaya wake. Ile "kama" inamwachia yeye kazi ya kuthibitisha kwamba ameumia, na "utani tu" inamwambia hana haki ya kuumia. Utani wetu wa siku zote ulihusu makabila, na yeye alikuwa na nafasi ya kunirudishia. Huu ulimgusa uaminifu wake, mbele ya mwajiri, tena kutoka kwa mtu anayeaminiwa kwa hesabu. Angejibu nini? Angetania, angeonekana anakiri. Angekasirika, angeambiwa hajui utani.

Kibaya zaidi, Jumatano nilipopanga hati za kutolea mizigo, niliikuta ya mifuko sita. Mteja aliichukua Jumamosi jioni, mama akaandika hati, akasaini, akailetea meza yangu. Mimi ndiye sikuiingiza kitabuni. Bosi nilimwonyesha hati hiyo ofisini kwake, akasema sawa, yakaisha. Lakini wengine waliokuwa kikaoni hawajaambiwa, na makuli wanaopakia malori wameanza kuita saruji "ukuta wa Pongwe". Mama namwamkia, ananijibu "marahaba" basi. Chupa ya chai ipo palepale, na kila karatasi anayonipa sasa ananitaka nisaini mbele yake.

Nimemwandikia hivi:

"Mama, shikamoo. Jumatatu ile nilisema mbele ya wote kwamba mifuko sita imejenga ukuta wako. Lilikuwa neno la kukuita mwizi, na halikuwa kweli. Hati uliiandika vizuri ukaniletea, mimi ndiye sikuiingiza. Ujumbe wangu wa usiku ule haukuwa wa kuomba msamaha, na kwa huo pia naomba radhi. Nyumba yako unaijenga kwa jasho lako, sikuwa na haki ya kuitia mdomoni. Niko tayari kusema haya kikaoni mbele ya wale wale waliocheka, ukiniruhusu. Hulazimiki kunijibu wala kunitania tena."

Nilikuwa nimeandika pia kwamba siku ile nilikuwa nimechoka na hesabu za mwisho wa mwezi. Nikaufuta mstari huo, kwa sababu kila nikiusoma naona najitetea.

Barua iko kwenye droo siku ya nne leo. Baba yangu anasema mtani haandikiwi barua, mtani hulipwa: nimpelekee jogoo, anitoze faini, anitukane mbele za watu, tucheke yaishe. Namheshimu baba na najua ndivyo wazee walivyomaliza mambo. Hofu yangu ni kwamba jogoo atarudisha jambo kwenye kicheko, na kicheko ndicho kilichomuumiza.

Kwa upande mwingine, nikimpa barua kwa siri, makuli wataendelea na jina lao. Nikisimama kikaoni bila idhini yake, nitakuwa nimeitaja nyumba yake hadharani mara ya pili. Na nikimwomba idhini, huenda akaona namtwisha tena uamuzi ambao ni mzigo wangu.

Naomba ushauri wako na wa wasomaji. Je, nimkabidhi barua kwanza nisubiri neno lake, hata likichukua mwezi? Au kikao kijacho nisahihishe hesabu tu, niseme hati ilikuwa mezani kwangu na mtunza stoo hakukosea chochote, bila kutaja Pongwe wala ukuta, halafu barua nimpe baadaye tukiwa wawili?

Mzigua wa Ngamiani, Tanga