Shimo la mita za ujazo 11 limetoa tripu ngapi?

Ndugu mshauri,

Nina kichuguu cha udongo mbele ya mlango wa jikoni na fundi hataki tena kupokea simu zangu kwa heshima. Naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika.

Najenga Kibaha. Fundi alinichimbia shimo la kunyonya maji yanayotoka kwenye septiki: kipenyo mita 2, kina mita 3 na nusu. Mimi nilipiga hesabu ya duara niliyofundishwa shule, nusu kipenyo mara nusu kipenyo mara 3.14, halafu mara kina. Nikapata mita za ujazo 11. Tipa tuliyokubaliana nayo nililipima bodi kwa futi kamba: urefu mita 4, upana 2, kimo sentimita 90, yaani mita za ujazo 7.2. Nikasema tripu mbili zinatosha na chenji inabaki. Nikamkabidhi fundi hela ya tripu mbili, 70,000 kila moja.

Tripu mbili zimeondoka, zimejaa, niliziona kwa macho. Kichuguu kipo. Fundi anataka hela ya tripu mbili nyingine, na mimi (nakiri) nilimwambia mbele ya vibarua kwamba ananiibia.

Usiku nikakaa na daftari. Kosa la kwanza nililiona upesi na ni langu. Ile mita 2 ni ya ndani, baada ya ukuta. Ukuta ni wa tofali za nchi 6, sentimita 15 kila upande, na nyuma yake fundi ameacha sentimita 20 za kujaza kokoto ili maji yapite. Kwa hiyo alichimba kipenyo cha mita 2.7. Nikashuka na ngazi kupima, ni kweli. Mara kina, inakuja mita za ujazo 20. Sentimita 35 tu kila upande, na shimo limekaribia kuwa mara mbili!

Kosa la pili ni kwamba udongo ukichimbwa unavimba. Asubuhi nilichimba kishimo pembeni, sentimita 30 kwa 30, kina 20, nikakinyoosha kingo kwa kisu. Hiyo ni lita 18. Udongo wake ulijaza ndoo ya lita 20 bila kushindiliwa, na uliobaki nikaupima kwa jagi, lita mbili na nusu. Yaani umeongezeka robo. Hivyo 20 za shimoni zinakuwa 25 juu ya ardhi. Najua udongo wa juu hapa una mchanga na wa chini ni mfinyanzi, na sijui kama robo hiyo inafaa kwa shimo zima, maana kishimo changu hakikufika kwenye mfinyanzi.

Nikakipima na kichuguu. Nilizungusha kamba chini yake, mita 16, na kimo chake mita 1.35. Nikakichukulia kama pia iliyosimama kichwa chini, theluthi ya eneo la chini mara kimo, nikapata kama mita za ujazo 9. Ukijumlisha na 14.4 zilizoondoka, ni 23 na kitu. Haipishani sana na 25. Kwa hiyo sioni wizi, na radhi nitamwomba.

Lakini hela bado inatusumbua. Juu ya mfuniko wa zege tutarudisha udongo wa sentimita 30 hivi, kama mita za ujazo 2 zikiwa zimevimba. Nyuma ya ukuta haurudi, ni kokoto. Zinabaki 7 za kubeba. Kwangu hiyo ni tripu moja. Fundi anasema mbili, kwa sababu juzi mvua imenyesha, mfinyanzi umelowa, na dereva hatajaza bodi mpaka juu asije akavunja springi. Gari limeandikwa tani 7. Kama mita moja ya ujazo ya udongo uliolowa ni tani moja na nusu hivi, bodi ikijaa inapita tani 10, hivyo dereva naye simlaumu.

Sasa naomba unijibu. Nimlipe tripu mbili leo, au nikifunike kichuguu kwa turubai na kusubiri kikauke? Jirani anautaka aufukie kwenye korongo lake, bure, ila toroli itapita mbele ya mlango siku mbili. Na shimo la pili, la nyumba ya uani, nikubaliane na fundi kwa tripu au kwa mita za ujazo zilizopimwa ndani ya shimo kabla ukuta haujajengwa? Yeye anapenda tripu. Mimi nimeanza kupenda futi.

Mama Nuru, Kibaha