Barua ya wazi kwa mpwa wangu: dakika moja na nusu jukwaani

Mpwa wangu,

Filamu yako ya wakulima wa mwani imeingia kwenye kinyang'anyiro cha tuzo ya wanafunzi, na umeniuliza utasema nini ikitajwa. Najibu hadharani kwa kuwa wenzako wengi watapanda jukwaa hilohilo na kuharibu nafasi ileile.

Anza na muda. Waandaaji wamekupa sekunde 90. Kiswahili kina maneno marefu, na mtu anayesoma kwa utulivu hufikisha takriban maneno 100 kwa dakika. Ukiondoa muda wa makofi na kicheko kimoja, unabaki na nafasi ya maneno 130 hivi. Salamu za dini zote, kisha mgeni rasmi, mkurugenzi, majaji na wazazi, zitakumalizia theluthi ya muda kabla hujaitaja filamu. Sema "itifaki imezingatiwa", uende kwenye jambo lako. Hakuna mkubwa atakayenuna, maana mshereheshaji ameshawataja mara tatu.

Tanguliza sababu ya kutengeneza filamu, shukrani zifuate. Wengi hupanga kinyume, wanaanza na majina, muziki unapigwa, na sababu inabaki mfukoni. Halafu jina la mshika maiki halina uzito kwa msikilizaji ambaye bado hajajua maiki hiyo ilishikwa wapi, na kwa nini huko.

Sababu yenyewe isiwe "kuelimisha jamii" wala "kupaza sauti za wasio na sauti". Akina mama wanaolima mwani Paje na Jambiani, huko Zanzibar, wana sauti, tena kali. Sema kinachoonekana. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Mwani wa bei nzuri, ule wanaouita kotonii, hauvumilii maji ya moto. Ufukweni maji yanapopata joto unaugua, unakatika na kuoza kambani. Mwani wa aina nyingine, spinosamu, unavumilia zaidi, ila bei yake ni ya chini. Anayeitaka kotonii hana budi kuifuata kwenye kina, na wengi wao hawakufundishwa kuogelea. Historia hiyo yote hutaisema jukwaani. Chukua mwili mmoja na kipimo kimoja: zamani maji ya magoti, sasa maji ya kifua. Ukumbi utaona.

Kwenye shukrani ndiko wengi wanakoteleza. "Nawashukuru wote waliojitolea" haimfikii yeyote, na kusoma majina 20 mfululizo kunawachosha hata wenye majina. Mtaje kila mtu pamoja na kazi moja aliyoifanya, na uichague ile ambayo matokeo yake watazamaji wameyaona au kuyasikia usiku huo.

Pitia kazi zenu uone. Shamba la mwani hufanyiwa kazi bamvu, maji yanapokupwa sana, na kwenu huko ni kuanzia kama saa nne asubuhi. Kila siku kupwa huchelewa kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo mpanga ratiba wenu alilazimika kubadilisha saa za kazi kila siku, na za gari na za chakula pia, kwa wanafunzi wenye vipindi darasani. Hilo halionekani kwenye kioo, lakini bila yeye mngefika maji yameshajaa. Jua la saa hizo linapiga kutoka juu na kuyafanya macho kuwa mashimo meusi, ndiyo maana wawili walisimama majini wakitandaza kitambaa cheupe juu ya mhusika. Na upepo wa kusi unaingia kwenye maiki hata ikiwa imevishwa manyoya. Dawa yake ni kuisogeza karibu na mdomo, na mshikaji abaki na fito juu ya kichwa, mikono ikitetemeka, hadi kipande kiishe.

Nimekuandikia mfano. Penye nukta weka jina.

"Itifaki imezingatiwa. Asanteni.

Mama mliyemwona kwenye filamu alikuwa analima mwani kwenye maji ya magoti. Leo analima kwenye maji ya kifua, na hajui kuogelea. Ufukweni maji yamepata joto, mwani wa bei unaoza, naye anaufuata. Tulitaka anayenunua sabuni ya mwani akione kina hicho.

Watu 7 walifanya kazi hii bila malipo. … alishika maiki juu ya kichwa akiwa majini, ndiyo maana mmesikia pumzi za mama yule, hamkusikia upepo. … na … walimkinga jua kwa kitambaa mpaka maji yakawafika kiunoni. … alipanga saa upya kila siku, kwa kuwa bahari haifuati ratiba ya chuo. … alibeba betri kichwani, hakuna iliyolowa. … alipika, … aliendesha gari, na hakuna aliyelala njaa wala njiani.

Akina mama mliotuambia lini tutoke majini, tunaomba msimame. Makofi haya ni yenu. Asanteni."

Soma kwa sauti ukiwa na saa. Ikizidi, kata kwenye aya ya sababu, usikate mtu. Waulize akina mama mapema kama wataridhia kusimama, maana si kila mtu anapenda kugeukiwa na ukumbi mzima. Na usijumlishe hovyo kwenye "bila malipo": aliyepewa posho hata kidogo asihesabiwe humo, kwa sababu wenzake wanajua na watacheka.

Sasa mikono. Una miwili, na jukwaani utapewa tuzo, maua na maiki. Karatasi itashikwa na nani? Panda na mwenzako mmoja wa kikundi, yeye apokee tuzo na maua. Maiki iwe umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni, na ukigeuza kichwa kuwatazama wenzako, igeuke nawe. Hapo ndipo majina humezwa, kwa sababu msemaji huwageukia watu anaowataja na kuiacha maiki inatazama mbele.

Andika kwenye kadi ngumu, herufi kubwa, upande mmoja tu. Tamasha lenu liko uwanja wa wazi, na karatasi laini hucheza kwenye upepo kiasi kwamba watu watadhani unatetemeka. Simu usiitegemee. Kioo hujifunga katikati ya jina, na mwanga wake unakumulika kidevu kutoka chini, wakati kazi nzima ya timu yako ilikuwa kuondoa vivuli vibaya usoni mwa mtu.

Kuna mtu utamsahau, hasa aliyekuazima kitu. Hakikisha majina yote yapo mwishoni mwa filamu, yameandikwa kama wenyewe wanavyoyaandika, kisha mpe mshereheshaji nakala kabla ya hafla. Usijaribu kuziba pengo kwa "na wengine wengi", kwani aliyesahauliwa atajisikia ndani ya maneno hayo hasa.

Kama tuzo ina bahasha, usitangaze mgao jukwaani. Kaeni kabla ya siku hiyo, mkubaliane nani anarudishiwa nauli na nani anarudishiwa fedha za mafuta ya gari, muandike, msaini. Mkishinda, walipwe wiki hiyohiyo.

Mjomba wako