Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mtoto anayesoma kwa kukariri

Ndugu wanachama,

Hesabu zetu atazisoma mweka hazina baada yangu, na mahudhurio ya vikao mtayaona kwenye kabrasha mlilopewa mlangoni. Mimi naomba nafasi yangu niitumie karibu yote kwa jambo moja lililotushughulisha mwaka huu kuliko mengine, yaani disleksia, ugumu wa kujifunza kusoma na kuandika, jinsi inavyojitokeza kwa mtoto anayejifunza kusoma Kiswahili katika darasa la kawaida, lenye watoto themanini au tisini na mwalimu mmoja.

Orodha za dalili tulizokuwa tukizigawa kwenye semina zilitungwa kwa ajili ya watoto wanaosoma Kiingereza, lugha ambayo neno huandikwa hivi likatamkwa vile. Huko mtoto mwenye disleksia hugundulika mapema kwa kuwa anakosea kusoma maneno. Kiswahili hakina mtego huo. Herufi "a" ni "a" popote utakapoikuta, na aliyezijua silabi anaweza kulikokota neno lolote hadi mwisho. Utafiti uliofanywa kwa wasomaji wa Kijerumani na Kiitaliano, lugha ambazo nazo huandikwa karibu kama zinavyotamkwa, umeonyesha kwamba mwenye disleksia huko husoma kwa usahihi wa kuridhisha, ila husoma polepole mno, na tahajia humtesa. Hivi ndivyo ilivyo kwetu pia. Mwalimu anayesubiri kusikia makosa atasubiri sana, na mtoto atavuka hadi Darasa la Nne akiitwa mvivu.

Mfano ni mtoto mmoja wa Darasa la Pili aliyeletwa na mwanachama mwenzetu. Mwalimu wake alisema anajua kusoma ila hapendi kuandika. Kweli, alipofunguliwa kitabu cha darasa alisoma ukurasa wote bila kukwama, huku macho yakiwa kwenye picha. Mwanachama wetu akaifunika picha kwa daftari, akaweka kidole kwenye neno la mstari wa mwisho. Mtoto akanyamaza. Ukurasa ule ulikuwa umesomwa kwa kuitikia darasa zima mara nyingi, naye alikuwa ameushika kichwani kama wimbo.

Akaonyeshwa chati ya silabi. Ba, be, bi, bo, bu aliimba vizuri kabisa. Alipoonyeshwa "bo" peke yake, midomo yake ilicheza kimyakimya: ba, be, bi, ndipo sauti ikatoka, "bo". Hilo nawaomba walimu mliangalie kwa makini, maana halisikiki, linaonekana tu. Mtoto hakuwa anaijua "bo". Alikuwa akiipanda ngazi upya kila mara kuifikia, na kwa mwendo huo sentensi ya maneno matano humchosha kabla hajafika kwenye nukta.

Katika kifungu kigeni alisoma maneno 11 kwa dakika, karibu yote sahihi. Wenzake wa katikati ya darasa walikuwa kwenye 40 hivi, na lengo la taifa kwa Darasa la Pili ni maneno 50. Kwenye imla, "Ndizi zimeiva" ikawa "dizi zimeva", na "Ng'ombe anakunywa maji" ikawa "gobe anakuya maji". Akaulizwa kwa mdomo aseme "kalamu" kisha aondoe "ka", akajibu "kala". Lakini aliposimuliwa hadithi alijibu kila swali, tena akaeleza kwa nini sungura alidanganya, na chenji ya shilingi 1,000 aliihesabu kichwani upesi kuliko mimi.

Tofauti hiyo ya kichwa na karatasi ndiyo tunayoitafuta. Mtoto ambaye kila kitu kinamwia kizito, kuanzia kuelewa maelekezo hadi kucheza na wenzake, anahitaji kuangaliwa kwa njia nyingine. Na kabla ya kusema lolote, mwanachama wetu alihakikisha mambo mawili: alisimama nyuma ya mtoto, akamtajia maneno yanayofanana kama "pata" na "bata" ayarudie, na akamwomba asome herufi za ubaoni akiwa dawati la nyuma. Masikio na macho yalikuwa salama. Tungeona shaka yoyote hapo, njia ingekuwa hospitali kwanza.

Kuna jambo tuliloligundua katika madaftari ya imla mliyotukusanyia, na nadhani ndilo lenye faida kubwa kwa mwalimu. Watoto hawa mara chache huiacha "m" ya "mtu" au ya "mkate", lakini ya "mbuzi" huipoteza. Pigeni makofi mtaona sababu. M-tu ni makofi mawili, na "m" ina kofi lake. Mbu-zi nayo ni makofi mawili, ila hapo "m" imebanwa ndani ya silabi pamoja na "b", haina kofi la kwake. Sikio lisilozipambanua sauti vizuri hulisikia kofi, lisisikie kilichobanwa ndani yake. Ndiyo maana makosa yanarundikana kwenye mb, nd, nj, ng, na yanazidi kwenye mafungu ya herufi tatu kama nyw na mbw.

Hapo pia ndipo penye kutenganisha disleksia na lugha ya nyumbani. Mtoto anayeandika "kurara" badala ya "kulala", au "zahabu" badala ya "dhahabu", mara nyingi anaandika kile anachokisema, na anachokisema amekisikia kwa bibi yake. Muulize atamke; akitamka vilevile alivyoandika, tatizo ni la matamshi, litarekebishwa kwa mazoezi ya darasani. Wetu alitamka "ndizi" sawasawa kabisa, kisha akaandika "dizi". Kugeuza b na d nako, ambako wengi wenu mlikuandika kama dalili ya kwanza, ni jambo la kawaida kwa watoto wengi hadi miaka saba hivi. Peke yake hakutoshi kumtenga mtoto yeyote.

Msaada tulioupanga ulifanyika ndani ya shule ileile. Watoto wanne walikaa chini ya mwembe dakika 20, siku nne kwa wiki, wakati wenzao wakifanya zoezi la kuandika. Dakika tano za kwanza hazikuwa na karatasi: kupiga makofi, kuondoa silabi, kuunganisha sauti alizozitaja mwalimu. Kisha silabi za kadi, zikichanganywa kila siku ili wimbo usipate mahali pa kushika. Mafungu ya sauti yalifundishwa kwa mpangilio, kuanzia "m-tu" na "m-to" ambazo zina kofi, kwenda "mbuzi" na "ndizi", na nyw mwisho kabisa. Kila fungu waliliandika mchangani kwa kidole huku wakilitamka, na hawakuhamia jingine kabla ya kuliweza kwenye imla siku mbili tofauti. Maneno ya kubuni yasiyo na maana, kama "mbelo" na "ndapu", yalisaidia sana kupima, kwa kuwa hakuna mtoto anayeweza kuyakariri kabla.

Sehemu ya mwisho ilikuwa kasi. Kifungu kifupi kilisomwa mara tatu, mwalimu akiangalia dakika kwenye simu, na mtoto mwenyewe akiweka alama alipofika. Kwa maneno marefu, ambayo Kiswahili kinayo mengi, walifundishwa kuyakata kwa viungo vyake badala ya silabi mojamoja. "Hawakutuambia" kwa silabi ni hatua saba, ila anayetambua hawa-ku-tu-ambia hupiga hatua nne, na vipande vile vitatu vya mwanzo atakutana navyo kila ukurasa.

Baada ya muhula mmoja mtoto wetu alisoma maneno 24 kwa dakika katika kifungu ambacho hakuwahi kukiona. Wenzake nao hawakukaa kumngoja, kwa hiyo bado yuko nyuma, na imla yake inaboreka kwa mwendo wa kobe. Mmoja kati ya wale wanne hakusogea kabisa; huyo tumemwombea nafasi kwenye kituo cha upimaji cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Niseme wazi kwamba upimaji wetu wa dakika kumi haumtangazi mtoto kuwa na disleksia. Unatuambia nani aanze kusaidiwa kesho asubuhi, na baada ya muhula unatuambia nani apelekwe kwa mtaalamu. Nawaomba msiandike neno hilo kwenye ripoti ya mtoto.

Darasani kwenyewe tulikubaliana mambo machache. Mtoto huyu hasimamishwi kusoma kwa sauti kifungu ambacho hakukiandaa. Hapewi kunakili ubao mzima. Anapewa mistari mitatu, au mwenzake anamwachia daftari. Swali la sayansi anaulizwa kwa mdomo, ili tujue kama hajui mada au hawezi kusoma swali. Kukaririshwa darasa bila kubadilishiwa njia tumeona ni kumpa mwaka mwingine wa wimbo uleule, na tuisheni za jioni nyingi ni hivyo hivyo. Wazazi wa sekondari wanalifahamu hili kwa uchungu: mtoto aliyejikokota kwa Kiswahili hadi Darasa la Saba hufika Kidato cha Kwanza akakutana na masomo yanayofundishwa kwa Kiingereza, ambacho hakikokoteki kwa silabi, na mwalimu mpya anadhani tatizo limeanza siku hiyo.

Baadhi yenu mliandika mkitaka chama kinunue karatasi za plastiki za rangi za kuwekea juu ya kurasa. Kamati imekataa. Disleksia haitokani na macho, na ushahidi kwamba rangi humfundisha mtoto kusoma haupo wa kutosha kutumia michango yenu. Kadi ya kufunika mistari ya chini, inayokatwa kutoka boksi la sabuni, haina gharama na inazuia macho kuruka mstari. Kuhusu diskalkulia, yaani ugumu wa namna hii kwenye hesabu, kamati haijafanya kazi ya kuweza kuitolea taarifa.

Hoja nitakayoileta mkutanoni ni moja. Naomba fedha za semina za mwakani zielekezwe kuchapa kadi za silabi na vifungu vya kupimia kasi, seti moja kwa kila shule yenye mwanachama, na kila shule ikubali kutoa mwalimu mmoja wa kukaa na kikundi dakika hizo 20. Shule isiyoweza kumtoa mwalimu isipewe seti. Najua wajumbe wa shule zenye walimu wachache hawataipenda sehemu hii ya mwisho, nao watapewa nafasi ya kuzungumza kwanza kabla ya kura.

Mwenyekiti