Usikimbilie namba ndogo

Manyoni

Ndugu Juma,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila jua la huku unalijua. Umeniuliza: ukiwa na vipimo viwili vya ukinzani wa ardhi kwa umeme, utachimba kisima wapi? Wengi hukimbilia namba ndogo kwa kuwa maji hupitisha umeme. Mwaka jana hilo lilitugharimu kisima.

Tulipima sehemu mbili. Kwenye mbuga ya udongo mweusi ukinzani ulishuka hadi om-mita 8. Kando ya korongo uliishia 60 hivi, kisha ukapanda. Mkandarasi akachagua mbuga. Tulitoa udongo wa mfinyanzi mita baada ya mita, tukagonga itale kavu. Mfinyanzi hupitisha umeme vizuri kuliko hata mchanga uliojaa maji ya kunywa, lakini maji yake hauyaachii. Maji ya chumvi nayo hushusha namba vilevile. Nchi ya itale kama huku, tafuta mwamba uliooza: mara nyingi husoma kati ya 30 na 150, chini yake mwamba mzima wa maelfu.

Ile 60 ya korongoni niliikokotoa kwa mkono, maana mashine siiamini kwa upofu. Vigingi vya umeme vilikuwa mita 40 kila upande wa katikati, vile vya kusoma volti mita 5 kila upande. Chukua 40 mara 40, toa 5 mara 5, zidisha kwa 3.14, gawa kwa 10: karibu 495. Tulisoma milivolti 12 kwa miliampia 100, yaani omu 0.12. Zidisha na 495, unapata 59. Ila usidhani hiyo ni namba ya kina cha mita 40. Ni mchanganyiko wa tabaka zote umeme ulizopita, na kwa kawaida kina unachokiona ni kifupi kuliko hizo 40.

Kompyuta ikikuambia tabaka la maji lina unene wa mita 20 na ukinzani 40, kumbuka mita 10 zenye 20 zingechora mstari wa vipimo unaokaribia kuwa uleule. Karatasi haiwezi kuamua. Nenda kapime kina cha kisima cha jirani, uulize walikutana na mwamba wapi, ndipo ufunge namba moja.

Mstari ukipanda kwa zaidi ya nyuzi 45 kwenye karatasi ya logi, usiutafsiri. Tabaka zilizolala haziwezi kufanya hivyo. Ama waya unavuja, ama kigingi hakishiki ardhi, ama chini kuna kitu kimesimama wima. Mwagia vigingi maji ya chumvi, kaa mbali na uzio wa waya na mabomba, halafu rudia kwa kugeuza mstari wa vigingi upande mwingine.

Nipigie picha karatasi zako zote mbili pamoja na kina cha kisima cha shuleni, nitazitazama Jumamosi. Msalimie mama watoto.

Wako,
Salum